Ada ya taka na kazi ya kuzoa: nani abebe nini?

Swali: Mtaani kwetu Dar es Salaam kikundi cha vijana kinazoa taka kwa guta hadi kwenye kizimba cha taka, na halmashauri inatakiwa kuziondoa kwa lori. Je, ni haki tulipe ada na bado tufanye kazi ambayo sheria imeikabidhi halmashauri?

Mfanyabiashara wa duka: Tatizo ni wakazi wasiolipa. Sheria ndogo zipo, kwa hiyo mtendaji wa mtaa awapeleke wadaiwa mahakamani, na kikundi kitapata fedha za kufanyia kazi.

Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi: Ndugu yangu, mdaiwa hawi mdaiwa kwa ukaidi tu. Jiji lilipokabidhi uzoaji wa katikati ya mji kwa mkandarasi binafsi mwaka 1994, na vikundi vikaingizwa miaka michache baadaye, mzoaji alikuja kuachiwa kukusanya ada mwenyewe nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo penye udhaifu. Kwetu kaya 250 zililipa shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 500,000, na vijana wanne walilipwa jumla ya 400,000. Kilichobaki kilinunua glovu na matairi ya guta. Mwezi mmoja lori halikufika kizimbani kwa majuma mawili. Vijana walimwaga mizigo pembeni, mvua ikaiburuta hadi mfereji ulio mbele ya nyumba za wale wale waliolipa, na mwezi uliofuata walipaji wakashuka hadi 180. Tulipata 360,000, hatukuweza hata kuwalipa vijana. Guta lilikuwa zima, na vijana walifika kila siku. Kilichovunjika ni ile nusu ya kazi iliyo mikononi mwa halmashauri, ila hasira ya wakazi ilitushukia sisi kwa sababu ni sisi waliokuwa wakituona mlangoni.

Mkazi wa Kigali: Huku kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi sote tunatoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Fanyeni hivyo, mtaa utang'aa.

Mweka hazina: Shikamoo kwa moyo huo, lakini kufagia mara moja kwa mwezi hakuondoi maganda ya ndizi ya Jumanne. Hata Kigali, kaya hulipia kampuni zinazokusanya taka. Ninachotaka ni daftari kizimbani, ambalo mtendaji na kiongozi wa kikundi watatia saini kila lori linapofika, na majuma bila lori yapunguzwe kwenye ada ya mwezi huo, huku halmashauri ikikifidia kikundi pengo hilo.

Mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa: Daftari nalikubali. Ila mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri hiyo hiyo; siku lori lisipofika, ataandika kwamba halikufika? Bora mwenyekiti wa mtaa, tuliyemchagua wenyewe, atie saini pia.

Muuliza swali: Na fidia ya kikundi itoke fungu gani? Kwenye bajeti tuliyosomewa na diwani sikulisikia.