Mrejesho: taa ya injini kwenye picha

"Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Nikiipiga picha, akili mnemba itajua kilichoharibika?"

Wakuu, akili mnemba iliitambua alama sawasawa: taa ya injini, ya njano. Picha inaishia hapo, maana taa hiyohiyo huwashwa na hitilafu nyingi, hata mfuniko wa tangi uliolegea. Isichoweza kuona ni kwamba taa ilikuwa inawaka na kuzima. Hiyo ni dalili ya injini kumisi vibaya, na petroli isiyoungua huharibu katalitiki inayosafisha moshi wa ekzosi, kwa hiyo iandikeni kwa maneno. Pigeni picha injini ikinguruma. Swichi ikiwa ON tu, taa nyingi huwaka zenyewe.

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari ilitoa P0301, yaani silinda ya 1 inamisi. Koili yake ya kuwasha plagi ikahamishiwa silinda ya 3, kodi zikafutwa, ikaja P0303, yaani kumisi kumeifuata koili. Koili ndiyo mbovu.