Nimeambiwa kazi ni "2 mpaka 11", nafika kwenye usaili kumbe ni usiku!

Wakuu, nipo Nkuhungu hapa Dodoma na nimechefukwa. Tangazo la kazi ya huduma kwa wateja lilisema "unafanyia nyumbani". Kabla ya kuomba nikauliza kwa imeili: nyumbani siku ngapi, na saa ngapi hadi saa ngapi? Afisa utumishi akajibu: "Nyumbani inawezekana. Muda ni 2 mpaka 11, Jumatatu hadi Jumamosi."

Sasa wewe Mswahili mwenzangu, 2 mpaka 11 ni nini kama si saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni? Nikaomba, nikaitwa, nikapanda SGR hadi Dar kwa hela yangu. Kwenye usaili ndipo naambiwa wateja wako Uingereza, kwa hiyo naingia saa nane mchana natoka saa tano usiku. Halafu miezi 3 ya mwanzo nikae Dar, ofisini kila siku. Nikasema mliandika nyumbani. "Tuliandika inawezekana."

Nina mtoto wa miaka miwili. Wangenijibu vizuri nisingeomba kabisa!

Mzee wa Kisasa: Kazi ya usiku ni marufuku kisheria. Wapeleke CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi.

Bi Utumishi: Si marufuku, kaka. Sheria ya Ajira ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya humo inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hapo saa za usiku ni tatu kila siku. Tena kwenye saa zote tisa toa moja ya mapumziko, zinabaki nane. Mara siku sita ni 48. Kikomo cha kawaida ni 45 kwa wiki, hizo tatu ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu. Dada, walikutajia hilo?

Mleta uzi: Hawakugusa kabisa. Mshahara ni "mzuri".

Bi Utumishi: Nimejibu maswali haya miaka mingi. Jibu la kweli ni sentensi mbili tu: "Saa 8 mchana hadi saa 5 usiku kwa saa za Tanzania, miezi 3 ofisini Dar, kisha nyumbani." Sheria inadai mahali pa kazi na saa ziandikwe ukishaajiriwa, si kabla hujaomba. Ndiyo maana wanakwepa. Ukiona "inawezekana", rudisha swali: kwa nani, kuanzia lini?

Kijana wa Ilazo: Mimi nafanyia nyumbani, bando najilipia mwenyewe na umeme ukikatika wananikata siku. Hilo nalo mbona huliulizi?

Mzee wa Kisasa: Bado nasema CMA.

Bi Utumishi: Kwa mgogoro upi, mzee? Hajaajiriwa.

Mleta uzi: Wamenipigia leo, wanataka jibu kesho saa 4. Sijui ya asubuhi au ya usiku.