Bomba la gesi linapanda mita 45: 22.2 au 28.6?

Kazi_Paani: AC ya VRF ya gesi ya R410A, kilowati 28, vyumba vingi kwa mashine moja ya nje iliyo juu ya paa. Bomba la gesi linapanda mita 45, na njia nzima pamoja na viwiko ni kama mita 70. Jedwali la mtengenezaji linasema bomba la milimita 22.2. Nataka 28.6 ili presha isipotee. Mnaonaje?

Shaba_Ngumu: Usipanue. Kwenye mzigo kamili wa kupoza, gesi hupita ndani ya 22.2 kwa takriban mita 15 kwa sekunde, na ndani ya 28.6 kama 9. Lakini kompresa ya inveta hubadili kasi, haikai kwenye mzigo kamili. Kikibaki chumba kimoja, tuseme asilimia 20, 28.6 inakupa chini ya mita 2. Oili ya kompresa inayosafiri na gesi hunata kwenye kuta za bomba la wima, nayo inataka kasi ya kama mita 5 ndipo ipande. Isipopata, inateremka na kompresa inakauka.

Mzee_wa_Gesi: Weka mtego wa U wa kushika oili kila mita 10, basi. Tulifanya hivyo kabla inveta hazijaja.

Shaba_Ngumu: Hiyo ni akili ya friji za duka. Kuna watengenezaji wanaodai mitego, wengine wameikataza kabisa. Soma kitabu cha mashine yako kwanza.

Mzee_wa_Gesi: Friji za duka ndizo zilizokufundisha kuchomelea! Nyie mnachoma bila kupitisha naitrojeni, masizi yanaziba vali, halafu mnasingizia saizi ya bomba.

Kiwiko90: Naitrojeni ni lazima, hakuna anayebisha. Ila Shaba, hesabu yako inakurudi: asilimia 20 ya 15 ni mita 3. Hata 22.2 haifiki 5.

Shaba_Ngumu: Kweli, haifiki. Ndiyo maana mashine ina zamu ya kurudisha oili: kompresa inapanda kasi, vali za vyumba vyote zinafunguka, hata vilivyozimwa, kwa dakika kadhaa. Zamu hiyo imepangwa kwa bomba la kwenye jedwali. Ukiweka 28.6, gesi ile ile inapita kwa kasi iliyopungua karibu nusu, nayo oili iliyojikusanya ni nyingi zaidi.

Baridi_Tele: Yangu imepanda mita 30 na bomba ni pana, wala haina shida. Mashine ya nje iko chini.

Kiwiko90: Ndugu, yako wakati wa kupoza gesi inashuka, oili inateremka nayo. Mwenzetu yake inapanda.

Kazi_Paani: Je, nikiongeza oili lita moja?

Shaba_Ngumu: Hapana! Itakaa bombani, kisha zamu ikifika irudi yote kwa mkupuo kwenye kompresa. Kama unaogopa presha, kwa watengenezaji wengi ruhusa ya kupanua inaanza njia ikizidi mita 90, tena hatua moja tu, 25.4. Wewe una 70.

Mzee_wa_Gesi: Na mtego wa chini kabisa, pale bomba linapoanza kupanda? Huo nao mmeukataza?

Kiwiko90: Huo mimi ningeuweka.

Shaba_Ngumu: Mimi nisingeuweka, mpaka kitabu kiseme.