Sakoshi za kitenge: niuzishe bei gani?

mama_wa_Katuba: Jambo wote. Nimeanza kushona sakoshi za kitenge hapa Lubumbashi, wiki ijayo duka moja la mjini linazipokea. Sasa sijui nihesabu vitu nilivyonunua niongeze faida, ao niangalie wengine banauzisha ngapi, ao nifuate mteja mwenyewe anaipenda kiasi gani. Vitu vya sakoshi moja vinanikamata dola 6, nilifikiri niweke 9.

Kijana_Kenya: Angalia soko tu mama. Zile za kutoka Kasumbalesa ni 7, ukipita hapo nani atakuja?

Fundi_Kamalondo: Zile ni ngozi ya plastiki, si kitenge, mteja wake ni mwingine. Mama, kushona moja kunakamata saa ngapi? Na duka linanunua cash ao unaacha tu, wakiuzisha njo wanakulipa?

mama_wa_Katuba: Saa 4. Naacha tu, banakata 30 juu ya 100.

Kijana_Kenya: Basi ongeza 30 juu ya 100 kwa bei yako, imeisha.

Fundi_Kamalondo: Hapana ndugu. Vitu 6, saa 4 tuseme dola 1 kila saa, tayari 10. Zipu zinazoharibika, makala ya pasi siku umeme umekatika, nauli, weka 2. Tunafika 12. Ukiongeza 30 juu ya 100 ni 15,60, lakini duka linakata kwa ile 15,60, linachukua 4,68 na mama anabaki na 10,92, chini ya 12. Anabaki na 70 juu ya 100 tu, kwa hiyo lazima agawe 12 kwa 0,7, ni 17 na kidogo. Na hapo faida bado, ni mshahara wake tu.

Bea_wa_Ruashi: Mimi niliacha shanga kwa duka moja bila karatasi. Mwenye duka akapandisha bei bila kuniambia, mimi alinilipa kwa bei yetu ya zamani, zingine zikakaa dirishani mpaka jua likazifubaza akanirudishia hivyo hivyo na hakuna mutu alilipa. Mama, andikisha bei, tarehe ya kulipwa na nani analipa zikiharibika!

mama_wa_Katuba: Asante yaya. Lakini 17 si nyingi?

Fundi_Kamalondo: Kwa sakoshi ya kawaida pengine. Ila mama wa harusi anayeleta kitenge cha robe yake umushonee ya kufanana, huyo halinganishi na Kasumbalesa, na hakuna duka la kukata. Kitenge ni chake, kwa hiyo gharama yako inashuka. Muulize yeye kwanza, mutajie 20, uone kama anajadili ao analipa mara moja. Wote wakilipa mara moja, bei yako iko chini.

Kijana_Kenya: Na andika kwa franka, dola inachosha watu.

Bea_wa_Ruashi: Na franka ikishuka? Kitenge ananunua kwa dola! Atapandisha kila mara?

Kijana_Kenya: Soko lote linaandika franka yaya.

mama_wa_Katuba: Na duka likikataa 17, niondoe mfuko wa ndani nipunguze saa?