Naomba ushauri: muamala umefutwa kwenye mempuli, je, sarafu ni salama kutumia tena?

Wakuu, muamala wenye ada ya satoshi 1 kwa vibaiti umemaliza saa 336, kikomo cha kawaida cha Bitcoin Core, na nodi yangu imeufuta. Maingizo yake nimeyaachia hivi:

```
bitcoin-cli abandontransaction <txid>
```

Lakini sahihi bado ni halali. Mwenye nakala anaweza kuurusha upya wakati wowote. Nikimlipa mpokeaji kwa sarafu nyingine, miamala yote miwili inaweza kuthibitishwa, nami nitakuwa nimelipa mara mbili. Ndiyo maana nataka muamala mpya utumie ingizo lilelile, kwa ada ya satoshi 12 kwa vibaiti. Ule wa zamani ulikuwa na maingizo mawili: nikitumia moja tu hadi lithibitishwe, linatosha kuubatilisha? Na nodi ambazo bado zinao zitakubali mbadala?