Tupeane uzoefu: kuchapa kila siku bila kutazama kibodi, kengele ya kukumbusha na muhtasari wa wiki

Mchapaji wa Shangani, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mchapaji katika steshenari hapa Mtwara Mjini. Kazi zangu kubwa ni barua za maombi ya kazi, mikataba ya upangishaji na taarifa za vikundi vya akina mama. Wiki sita zilizopita niliamua kuacha kuchapa kwa vidole vinne huku macho yakihangaika kati ya karatasi na kibodi, nikaanza kujifunza kutumia vidole vyote kumi pasipo kutazama chini. Ninafanya zoezi la dakika 15 kila siku, na Jumamosi jioni ninaandaa muhtasari wa wiki wenye mambo mawili tu, kasi na usahihi. Programu ninayotumia huhesabu mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo, kuwa neno moja, hivyo urefu wa maneno yetu ya Kiswahili haunipunji.

Kengele ya kunikumbusha ilinisumbua mwanzoni. Niliiweka saa 2:00 usiku, wakati ambao ninapika, watoto wanataka kusaidiwa kazi za shule, na siku nyingine umeme umekatika. Ndani ya siku nne mkono wangu ulikuwa umezoea kuizima bila hata kuisoma. Niliihamishia saa 1:30 asubuhi, nikiwa nimeshafika dukani na kompyuta inawaka lakini wateja hawajaanza kuja, na tangu hapo nimekosa siku mbili tu. Nimejifunza kwamba kengele ilie pale ambapo naweza kukaa na kuanza mara moja, kwa maana ikilia wakati sina nafasi inanizoesha kuipuuza.

Linalonileta hapa ni muhtasari wenyewe. Wiki ya tatu nilikuwa na maneno 27 kwa dakika na usahihi wa asilimia 96. Wiki ya sita nimefika maneno 33, nikafurahi sana, lakini usahihi umeshuka hadi asilimia 90. Nilipochukua barua ileile yenye herufi zipatazo 1,800 na kuichapa hadi ikawa safi ya kumkabidhi mteja, wiki ya tatu ilinichukua dakika 17, na wiki hii imenichukua dakika 19. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze: inawezekanaje kasi ipande na kazi ichelewe?

Kijana wa Masasi

Dada, hongera kwa juhudi. Mimi nakushauri usiangalie usahihi kwa sasa, kasi ndiyo itakayokupatia ajira, kwa sababu serikalini wanataka maneno 80 kwa dakika kwa nafasi ya katibu mahsusi. Makosa yatapungua yenyewe vidole vikishazoea. Mimi natafuta wastani wa asilimia za kila siku na wiki iliyopita nimepata asilimia 95.8, ingawa ninafanya zoezi la haraka tu siku nyingi.

Katibu Mstaafu, Lindi

Wanangu, nimefanya kazi ya ukatibu tangu enzi za taipureta, nami nitajibu kwa utaratibu.

Kwanza nimsahihishe kijana wangu wa Masasi kwa upendo. Maneno 80 kwa dakika yanayotajwa katika matangazo ya nafasi ya katibu mahsusi ni ya hatimkato, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yaani kunukuu kwa alama wakati mtu anasema. Mtu anayejipima kasi ya kibodi kwa kigezo hicho atakata tamaa bure, au atakimbia mbio zisizomhusu.

Sasa nije kwako, binti yangu. Usahihi wa asilimia 96 maana yake ni kosa moja katika kila mibonyezo 25, sawa na kosa moja kila baada ya maneno matano ya kipimo. Asilimia 90 ni kosa moja katika kila mibonyezo kumi, yaani kila maneno mawili. Katika barua yako ya herufi 1,800, makosa yametoka takriban 72 yakafika 180. Kila kosa linadai kufuta, kuandika upya na, jambo ambalo wengi hatulihesabu, kushtuka, kuinua macho kwenye karatasi na kutafuta tena ulipoishia. Kama mshtuko huo unachukua sekunde mbili tu, makosa 180 yanakula dakika sita, wakati 72 yalikula dakika mbili na nusu hivi. Hapo ndipo dakika zako zilipopotea. Zoezini huzioni, kwa sababu bila shaka programu yako inakuacha uendelee mbele na kosa likiwa nyuma yako.

Ushauri wangu ni kwamba usiitazame asilimia peke yake. Chukua makosa 50 ya mwisho, uyaandike katika karatasi, na kando ya kila moja uandike kidole kilichotakiwa kubonyeza. Kisha urudi hapa utueleze umeona nini.

Karani wa Chama cha Msingi, Newala

Shikamoo Mama. Nami ningependa kuchangia, ingawa kazi yangu ni tofauti kidogo. Msimu wa korosho ukifika ninaingiza namba kutwa nzima: kilo za kila mkulima, namba za stakabadhi za ghala na malipo. Sijui kama usahihi wa asilimia 96 unaruhusiwa kwenu, lakini kwangu mimi kosa moja katika tarakimu 25 lina maana kwamba mkulima wa kilo 412 anaandikiwa 142, na mashine haiwezi kumpigia mstari mwekundu kama inavyofanya kwa neno lililokosewa. Mimi ninafanyia mazoezi upande wa namba pekee, kidole cha kati kikiwa juu ya 5 yenye kinundu, na ninapima mibonyezo kwa saa badala ya maneno kwa dakika. Je, nitumie muhtasari huohuo au nitengeneze wangu?

Katibu Mstaafu, Lindi

Marahaba, mwanangu. Tengeneza wako, wala usiuchanganye na wa herufi. Tena katika namba usijiwekee asilimia, hesabu makosa yenyewe kwa idadi, kwa kuwa asilimia 99 inasikika vizuri ilhali katika tarakimu 3,000 ni makosa 30.

Mwalimu wa Kompyuta, Nachingwea

Naomba niongeze jambo kuhusu wastani wa kaka wa Masasi, kwa sababu wanafunzi wangu hukosea hapohapo. Kaka, ulifanya mazoezi ya dakika ngapi kila siku?

Kijana wa Masasi

Siku tatu nilifanya dakika mbili mbili, nikapata asilimia 99 zote tatu. Siku mbili nilikaa dakika 20 kila siku, nikapata 91. Kasi ilikuwa maneno 30 siku zote.

Mwalimu wa Kompyuta, Nachingwea

Ahsante. Maneno 30 kwa dakika ni mibonyezo 150. Siku tatu fupi zina mibonyezo 900 na makosa 9. Siku mbili ndefu zina mibonyezo 6,000 na makosa 540. Jumla ni makosa 549 katika mibonyezo 6,900, ambayo ni usahihi wa asilimia 92. Ile 95.8 imetokea kwa sababu umezipa dakika mbili uzito sawa na dakika 20, na katika dakika mbili vidole havijachoka wala akili haijaanza kutangatanga. Katika jedwali la Excel, kuanzia mstari wa 2, weka tarehe safu ya A, dakika safu ya B, mibonyezo safu ya C na makosa safu ya D, kisha chini ya siku sita za wiki uandike hivi, mstari wa kwanza kwa kasi na wa pili kwa usahihi:

```
=SUM(C2:C7)/5/SUM(B2:B7)
=1-SUM(D2:D7)/SUM(C2:C7)
```

Siku uliyokosa uiandike kwa dakika 0, usiache pengo. Hesabu haitabadilika, ila ukitazama muhtasari wa mwezi mzima utaona ni siku zipi kengele yako haifanyi kazi.

Kijana wa Masasi

Nimeelewa, Mwalimu, na Mama nimekubali kuhusu hatimkato. Lakini bado ninaamini kwamba mtu akitambaa kila siku hatajua kukimbia.

Mchapaji wa Shangani, Mtwara Mjini

Shikamoo Mama, nimerudi. Katika makosa 50, makosa 31 yamekiangukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Sikutegemea, kwa maana nilikiona ndicho kidole changu chenye nguvu zaidi. Nilipotazama maneno yenyewe nikakuta ni yaleyale: muhimu, nyumba, mjumbe, jumuiya, humu.

Katibu Mstaafu, Lindi

Marahaba. Hapo umeligusa jambo ambalo vitabu vya Kiingereza tulivyofundishiwa havikulitaja. Katika kibodi zetu za kawaida, kidole hicho kimoja kinabeba Y, U, H, J, N na M. Sasa lichape neno "nyumba" polepole: herufi nne za mwanzo zote ni zake. "Mjumbe" vilevile. Katika "muhimu" ni herufi I pekee inayokipumzisha. Lugha yetu imejaa mu-, hu-, nyu- na ju-, na kidole kimoja hakiwezi kubonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja kama vidole viwili tofauti vinavyoweza kupokezana. Ukiharakisha sehemu hizo kwa mwendo uleule wa maneno mepesi, kidole hakitafika.

Tulivyofanya sisi ilikuwa kuchapa kwa mdundo. Weka simu ipige midundo 120 kwa dakika na uchape herufi moja kwa kila mdundo, ambayo ni sawa na maneno 24. Chapa maneno hayo matano kwa dakika tano kati ya 15 zako. Wiki ikipita bila usahihi kushuka chini ya asilimia 97, ongeza midundo kumi. Kasi yako katika muhtasari itashuka wiki ya kwanza, usiogope.

Mwalimu wa Kompyuta, Nachingwea

Mama, je, wakati wa mdundo aruhusiwe kufuta kosa? Mimi huwakataza wanafunzi wangu kitufe cha kufuta kabisa, ili wasikatize mwendo.

Katibu Mstaafu, Lindi

Mimi ningemruhusu, kwa sababu dukani atafuta. Lakini nilijifunza kwenye taipureta isiyo na kitufe cha kufuta, kwa hiyo huenda mwenzangu una sababu nisiyoiona.

Mchapaji wa Shangani, Mtwara Mjini

Nimekamilisha wiki ya saba. Siku sita, dakika 90, maneno 25 kwa dakika, usahihi asilimia 97. Nilifuta makosa siku tatu na sikufuta siku tatu, na sikuona tofauti ya maana, pengine kwa sababu muda ni mfupi. Ileile barua ya herufi 1,800 imenichukua dakika 16. Makosa ya kidole cha shahada yamebaki 14 katika 50. Sasa yanayoongoza ni ya kidole kidogo cha kushoto, hasa katika "kazi", "za" na "mzazi", ambako A na Z zote ni zake. Kidole hicho kinaniuma kidogo ikifika Ijumaa. Mama, nacho nikipeleke kwenye mdundo, au kwanza nikipumzishe?