Tupeane uzoefu: sheria gani ya vampaya, zombi au mtu-mbwamwitu ilikutisha kweli?

Wa_Langoni: Nianze mimi. Utotoni hapa Lamu tulikua tunaangalia video kwa jirani, vampaya akipigwa na jua tu ashakua jivu, kwa hiyo mi uoga wangu ulikua wa usiku, ikiadhiniwa alfajiri najifunua shuka nalala raha mustarehe. Sasa juzi nimesoma Dracula yenyewe, kitabu cha 1897, jamani yule anatembea London mchana kweupe! Jua linampunguzia nguvu tu, halimuui. Siku hizi hata saa saba mchana, kichochoro kitupu, naangalia nyuma. Nyie je?

Baharia254: Hapana bwana, vampaya kufa na jua ni mila ya kale huko Ulaya.

MamaZuu: Usiku ni mila ndio, ila kuuliwa na jua kulishika baada ya Nosferatu, filamu bubu ya 1922. Mwanamke anamkawiza chumbani mpaka jogoo anawika, jua likiingia anayeyuka kama moshi. Na hapo uoga unabadilika kabisa. Jua likiua, unaogopa saa, kazi yako ni kuvumilia mpaka kukuche. Akiweza kutembea mchana unaogopa watu, maana hujui ulomwamkia barazani ni nani.

Kaka_Shela: Huku tuna mumiani, bibi alitukataza kupita njia ya nyuma peke yetu. Yule hazuiwi na jua wala kitunguu saumu, ni mtu tu na chupa yake ya damu. Kuna dawa yake?

MamaZuu: Mwanangu mada ni hadithi za filamu, ila umegusa penyewe, asiye na sheria humjui pa kumkwepea.

Mln_Dada: Mimi zombi. Wengi wanasema mpaka uumwe, lakini kwenye Night of the Living Dead ya 1968 maiti yeyote mpya anainuka, aloumwa na asoumwa. Televisheni inawaambia watu wachome maiti wao hapo hapo, mazishi wasahau. Niliiangalia Malindi wiki mbili baada ya kumzika baba, tulimuosha, tukamkafini, tukamzika kabla ya alasiri. Wa kuumwa unamkimbia, lakini huyu ni wako na unaambiwa usimuoshe. Nilizima, sijaimaliza mpaka leo.

Wa_Langoni: Pole sana dada. Mungu amrehemu.

Baharia254: Pole dada. Mi mtu-mbwamwitu ndio hanitishi, ati anageuka mwezi mpevu, na mwezi mpevu huku ndio usiku wa kutembea bila tochi, watoto wako nje wanacheza.

Kaka_Shela: Mi ndio maana ananitisha! Usiku wa giza nishajifungia ndani, yeye anakuja siku nlokua sina wasiwasi.

Baharia254: Labda kwenu Shela.